Kunguni wamejaa chumbani, mwenye nyumba anasema nimewaleta mimi

*Shangazi,*

*Nilihamia nyumba ninayokaa tarehe 1 Machi, mimi na mwanangu wa miaka 6. Vyumba vilikuwa vimetoka kupakwa rangi. Tarehe 20 Aprili nilinunua kochi lililotumika, nikaliweka sebuleni. Tarehe 2 Mei mtoto aliamka na vipele mkononi vilivyojipanga mstari, nikadhani ni mbu. Usiku wa tarehe 11 Mei niliwasha taa ghafla nikakuta kunguni kwenye chaga za kitanda, na wengine kwenye ufa kati ya fremu ya mlango wa chumba na ukuta. Nyuma ya ukuta huo anaishi jirani.*

*Asubuhi nilimpigia simu mwenye nyumba. Ni mama mtu mzima, tumekuwa tukielewana. Akanijibu: "Nyumba yangu haijawahi kuwa na kunguni. Umewaleta na vitu vyako, tafuta dawa." Mkataba wetu unasema mpangaji atatunza usafi na mwenye nyumba atafanya matengenezo makubwa. Wadudu hawakutajwa popote. Jirani amenong'oneza kwamba mpangaji aliyenitangulia alihama kwa sababu ya kunguni, ila hataki jina lake litajwe.*

*Nafikiria kuita mpuliza dawa na kukata gharama yake kwenye kodi ya mwezi ujao. Shemeji yangu anasema nisijisumbue: ninunue vidonge vya kuhifadhia nafaka, niviweke chumbani, nifunge madirisha, tukalale kwa ndugu siku mbili. Naona aibu hata kumweleza mtu. Nimwombe vipi mama huyu, na nani anapaswa kulipa?*

*Nisiyelala*

Mwanangu Nisiyelala,

Mkataba na kodi vinaweza kungoja dakika chache. Tuanze na vidonge vya shemeji yako, maana hapo ndipo roho za watu zilipo.

Vidonge vile vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Vilitengenezwa kwa ajili ya nafaka iliyofunikwa vizuri, mahali ambapo hakuna mtu anayelala, na vishikwe na watu waliofundishwa. Nyumba ya kupanga si mahali pa namna hiyo. Gesi hiyo hupita kwenye nyufa, kwenye matundu ya mabomba, juu ya dari na chini ya milango. Ufa ule ule unaodhani kunguni wamepitia kutoka kwa jirani, gesi nayo ingeupitia kwenda kwake. Zimekwisha kutokea familia zilizopoteza watoto waliolala chumba cha pili, wakati vidonge viliwekwa chumba cha jirani kuua kunguni. Dawa ya kuipoza sumu hiyo mwilini haipo. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua na kuushikilia moyo wake tu. Mwambie shemeji yako kwa upole lakini bila kumung'unya maneno: hapana. Ikiwa tayari ameviweka mahali, toeni watu wote, wa kwako na wa majirani, msiingie kuviokota, na piga simu ya dharura.

Na dawa za shambani zinazopimwa kwenye chupa za maji, pamoja na mafuta ya taa ya kupaka kitandani, ziweke kwenye kapu hilo hilo. Zile za kwanza hubaki kwenye godoro analolalia mtoto, hayo ya pili huunguza nyumba.

Sasa aibu. Kunguni hali uchafu, anakula damu. Humkuta anayedeki mara mbili kwa siku na asiyedeki, akisafiri kwenye sanduku, begi la shule, kochi, au akitembea mwenyewe kufuata bomba na waya za umeme hadi chumba cha pili. Kwa hiyo kile kifungu cha mkataba kinachokutaka utunze usafi hakijibu swali lenu, hata kama mama mwenye nyumba atakishika. Nalisema hili pia kwa sababu aibu ina gharama yake: mpangaji anayeficha kwa miezi mitatu hujidhoofishia hoja, kwa vile karibu kila mahali mpangaji ana wajibu wa kutoa taarifa mapema. Wewe ulimpigia asubuhi iliyofuata. Hilo ni jambo kubwa upande wako, ingawa lina kasoro moja: lilikuwa neno la mdomo.

Nikuulize kitu bila kukulaumu. Barua yako nzima inaegemea kwamba kunguni walikuwapo kabla yako, na ya mwenye nyumba ingeegemea kwamba walikuja na wewe. Je, kochi umelipindua? Umetaja kitanda na fremu ya mlango, sebuleni hukugusia kabisa. Kama hujalitazama, basi kwa sasa wewe na yeye mna dhana, kila mmoja na ya kwake.

Habari njema ni kwamba kunguni huacha kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo husomeka kidogo ukijua umri wake. Yai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi chumba kikiwa na joto. Mtoto wake hupitia hatua 5 kabla ya kuwa mkubwa, na kila hatua lazima anywe damu, kisha ajivue ganda. Kutoka yai hadi kunguni mkubwa anayetaga ni kama wiki 5 kwenye joto na damu ya kutosha. Kwenye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Maganda hayo ni mepesi, ya rangi ya chai, yana umbo la kunguni mwenyewe. Kando yake utaona vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu ya wino, ambavyo ni kinyesi cha damu iliyosagwa. Ukikipitishia pamba yenye maji, kidoa huchafua pamba kwa rangi ya kutu.

Tuzipige hesabu tarehe zako. Kati ya kochi kuingia na usiku ule ulipowaona ni siku 21. Chukua tochi na kadi ngumu, kama ile ya simu ya zamani, upitishe polepole kwenye ufa wa fremu ya mlango. Ukikuta maganda ya kila ukubwa yamerundikana na vidoa vilivyojaa tabaka juu ya tabaka, ni vigumu sana kuamini kwamba yote yale yalijengwa kwa siku 21 na wadudu waliotoka sebuleni. Lakini ukilipindua kochi, ukafungua kitambaa cha chini, ukakuta rundo hilo liko huko na chumbani kuna wachache tu, basi hoja ya mama inapata miguu. Kochi linaweza kuingia likiwa limebeba ukoo mzima, mayai kwa wakubwa, na hapo ule muda wa wiki 5 hauwezi kukutetea.

Kuna ushahidi mmoja ambao wengi huupita, nao ni rangi. Ulikuta nyumba imepakwa rangi mpya. Tazama kingo za fremu, ubao wa chini ya ukuta na kona za dari: kama kuna vidoa vyeusi vilivyofunikwa na rangi, au maganda yaliyogandishwa ndani yake, hivyo vilikuwapo siku fundi alipopaka, na wewe hukuwa umehamia. Eneo jingine ni nyuma ya kifuniko cha soketi kwenye ukuta wa jirani. Usikifungue mwenyewe, fundi umeme azime umeme kwanza. Hata hivyo niwe mkweli kwako: vidoa vilivyo chini ya rangi huthibitisha kwamba kunguni waliwahi kuishi hapo. Havithibitishi kwamba hawa wa leo ni uzao wao. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, zaidi kukiwa na baridi, kwa hiyo inawezekana kabisa walimsubiri mpangaji ndani ya ufa, ila inawezekana si lazima.

Usishangae pia kwamba kati ya tarehe 1 Machi na 2 Mei hukuona kitu. Wapo watu ambao ngozi yao haioneshi chochote wakiumwa, na kwa wengine vipele hujitokeza siku nyingi baadaye. Wakiwa wachache mwanzoni, mtu hana dalili. Lakini ukimya huo wa miezi miwili mama mwenye nyumba atautumia, na anayo haki ya kuuuliza. Ni vyema ukaufikirie kabla hujakaa naye.

Fanya ukaguzi huo kabla hujapuliza chochote. Piga picha zenye tarehe, ya mbali ionyeshe chumba gani na ya karibu ionyeshe kidoa. Wanase kunguni wawili watatu kwa utepe wa gundi, uwabandike kwenye karatasi na kuandika mahali na siku. Na usitupe godoro wala kochi kwa hasira. Mimi niliwahi kulitoa godoro langu nje na kulichoma, nikalala vizuri siku nne. Kunguni walikuwa kwenye mbao za kitanda na nyuma ya picha ukutani. Nilikuwa nimechoma kitu ambacho kingeweza kuokolewa, na pamoja nacho ushahidi wangu wote.

Hapa ndipo naomba tutenganishe maswali mawili ambayo barua yako imeyafunga fundo moja. Swali la kwanza: nani ahakikishe dawa inapigwa? La pili: nani mwishowe abebe gharama? Nyumba nyingi za kupanga zimekwama kwa sababu watu wanasubiri la pili lijibiwe ndipo la kwanza lianze, na wakati huo kunguni wanataga.

Swali la kwanza lina jibu lililo wazi kuliko unavyodhani, na halihitaji kumpata mwenye kosa. Chumba chako kinashiriki ukuta na mwingine. Anayejua kazi hii atataka kukagua vyumba vinavyopakana nawe, kushoto, kulia, juu na chini, kwa kuwa ukipuliza kimoja tu, wanaosalimika huhamia kwa jirani na kurudi dawa ikiisha nguvu. Je, wewe una mamlaka ya kumwambia jirani afungue mlango, atoe nguo kabatini, akubali dawa? Huna. Mwenye nyumba ndiye pekee aliye na mkataba na kila mmoja wenu. Hoja hii mpe mama kwa utulivu. Haimtuhumu, inamwonyesha kwamba wewe peke yako huwezi kuiokoa nyumba yake.

Tena inakusaidia kumlinda jirani yako. Huna haja ya kutaja alichokunong'oneza. Omba vyumba vinavyopakana vikaguliwe, kama ilivyo kawaida ya kazi yenyewe, na kama walikuwapo kwake ukaguzi utasema. Maneno ya siri ukiyatoa mezani utampoteza jirani, naye mwenyewe anaweza kuyakana.

Andika, basi. Kwa karatasi au kwa ujumbe wa simu, mradi ubaki na nakala. Mimi ningeandika hivi, nawe ugeuze upendavyo:

*Shikamoo mama. Nafuatilia simu yangu ya tarehe 12 Mei. Usiku wa tarehe 11 niliona kunguni kwenye kitanda na kwenye ufa wa fremu ya mlango wa chumba, ukuta unaopakana na jirani. Nimeambatisha picha. Naomba mtaalamu akague nyumba nzima ninayokaa pamoja na vyumba vinavyopakana nayo ndani ya siku 7, kisha apige dawa, na arudi baada ya siku 14 kwa awamu ya pili. Nitaandaa vyumba kama atakavyoelekeza na nitamfungulia siku yoyote tukiafikiana. Kuhusu gharama, najua hatujakubaliana chanzo. Naomba mtaalamu aandike alichoona na mahali alipokiona, kisha tukae tuzungumze. Kuanza kazi kusichukuliwe kwamba mmoja wetu amekubali kosa. Naomba unijibu kabla ya tarehe 20 Mei.*

Tazama ile sentensi ya kutokubali kosa. Inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe. Wenye nyumba wengi hukataa si kwa sababu ya gharama ya mara moja, wanaogopa kwamba wakilipa leo, kila mpangaji ataingiza kochi na kuwatumia ankara. Ukimwondolea hofu hiyo mapema, mnaweza kukuta hamkuwa mbali kiasi hicho.

Kuhusu kochi, nakusihi usilifiche. Kama mkaguzi atalikuta lina kunguni na wewe hukulitaja, hata picha zako za kweli zitatiliwa shaka. Lieleze mwenyewe, na tarehe yake.

Sasa swali la pili. Sheria za upangaji hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na kwako ni vizuri kuuliza ofisi inayoshughulikia migogoro ya wapangaji au msaada wa kisheria ulio karibu. Hata hivyo wazo linalojirudia katika nyingi ni hili: mwenye nyumba hukabidhi nyumba inayokalika na kuitunza ibaki hivyo, mpangaji hubeba madhara aliyoyasababisha yeye. Penye wadudu, hilo hugeuka kuwa maswali ya ukweli. Walikuwapo alipoingia? Wako nyumba moja au kadhaa? Kuna ufa au bomba lililoachwa wazi ambalo ni la jengo? Mpangaji aliingiza kitu chenye wadudu? Alitoa taarifa lini? Kunguni wakikutwa kwa majirani wawili ambao hawana kochi lako, mzani unaelekea kwa mwenye nyumba. Wakikutwa kochini tu, unaelekea kwako. Wakikutwa kila mahali, na hiyo ndiyo hali ya kawaida, hakuna mtaalamu mkweli atakayeapa walianzia wapi.

Wazo lako la kukata kwenye kodi naelewa lilikotoka. Ziko nchi zinazoliruhusu, kwa masharti: taarifa ya maandishi, muda wa kungoja, wakati mwingine idhini ya baraza au mahakama, na kiasi kisichozidi kiwango fulani. Ziko ambazo haziliruhusu kabisa. Ukikata kabla ya kujua uko wapi, mgogoro hubadilika sura. Kesho halitakuwa tena suala la kunguni, litakuwa la kodi isiyolipwa, na hilo mwenye nyumba yeyote anajua namna ya kulishinda. Ukilifikiria bado, liulizie kwanza, na kodi ya mwezi huo usiiguse hadi upate jibu.

Unaweza kulipa wewe mwanzoni na kudai baadaye. Faida yake ni kwamba unalala mapema, na mtoto wako pia. Hatari ni mbili. Kulipa kimya kimya kunaweza kusomeka kama kukiri, ndiyo maana ile sentensi ya barua iwemo na risiti uitunze, yenye jina la mpuliza dawa, tarehe, vyumba alivyopiga na dawa aliyotumia. Hatari ya pili nimekwisha kuigusa: chumba chako kikipigwa peke yake, kuna uwezekano mkubwa utalipa tena.

Mnaweza pia kugawana kwa muda. Kwa mfano, yeye alipie ukaguzi wa vyumba vyote na upulizaji wa vyumba vya wengine, pamoja na kuziba nyufa na matundu, kwa sababu hayo ni ya jengo. Chumba chako mchangie nusu kwa nusu hadi ripoti itoke, na ripoti ikielekea upande mmoja, aliyezidisha arudishiwe, ama kwa fedha ama kwa kupunguziwa kodi kwa maandishi. Kochi likikutwa nao, kulitibu au kulitupa ni juu yako. Nguo na matandiko yako ni yako kufua vyovyote iwavyo. Mgawanyo huu si lazima uwe wa haki kabisa. Unaweza kuishia kulipa kitu ambacho hukukisababisha, na hilo linauma; wewe ndiye unayejua kama uelewano wenu na mama huyo una thamani ya kuuma huko.

Na kuhama? Wapo wanaohama. Ila kunguni watahama nawe usipotibu vitu kabla ya kuvifunga, na mwenye nyumba mpya atakuambia maneno yale yale uliyoambiwa tarehe 12 Mei, safari hii akiwa na haki. Soma pia muda wa notisi na masharti ya amana yako.

Lolote mtakaloafikiana, ulizieni kazi yenyewe, kwa sababu ugomvi wa pili huzaliwa hapo. Dawa nyingi haziui mayai vizuri. Ndiyo sababu ya awamu ya pili baada ya siku 14 hivi, wakati walioanguliwa wamejitokeza na hawajafika umri wa kutaga. Mpuliza dawa anayeahidi kumaliza kwa siku moja kwa dawa pekee, mwulize mayai yatakufaje. Yale makopo ya moshi yanayofyatuliwa katikati ya chumba yaepukeni: moshi hautafuti ufa, na kunguni wakiuhisi husambaa zaidi. Tena kunguni wengi wamezoea dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo ndizo zilizomo kwenye makopo mengi ya kupuliza, kwa hiyo ukiona wanatembea juu ya dawa usidhani umepiga kidogo, ukaongeza. Mtaalamu mzuri huchanganya mbinu: mvuke wa moto kwenye mishono ya godoro na maungio ya kitanda, dawa kwenye nyufa, kisha kuziba. Baada ya awamu ya pili mwangalie kwa wiki 6 hadi 8. Maandishi yenu yaseme nani atalipia awamu ya tatu kama wataonekana tena ndani ya muda huo.

Wakati mnasubiri, kuna mambo unayoweza kufanya usiku huu bila sumu. Fua shuka, foronya na nguo za kulalia kwa maji ya nyuzi 60, na visivyofulika hivyo vianike kwenye mashine ya kukaushia yenye joto kali kama ipo, kisha uvifunge kwenye mifuko. Kisogeze kitanda mbali na ukuta, shuka isiguse sakafu, na weka kila mguu wa kitanda ndani ya chombo laini chenye kuta zinazoteleza. Kunguni hawezi kupanda sehemu laini, na asubuhi utahesabu walionaswa. Hesabu hiyo iandike kila siku, itakuwa sehemu ya ushahidi wako. Usihamie kulala sebuleni wala usimhamishe mtoto. Kunguni humfuata mtu, mtakuwa mmewaonyesha chumba kipya. Vipele vya mtoto vikivimba au kutoa usaha kwa kujikuna, mpeleke kwa mganga wa hospitali. Kunguni hawajulikani kuambukiza magonjwa kwa kuuma, kwa hiyo hofu hiyo iweke chini.

Lililobaki ni lako kupima, mwanangu: uanze na barua ya maandishi pekee, uende umwone mama ana kwa ana ukiwa na picha mkononi, au kwanza upate ushauri wa sheria ya huko uliko. Mimi nisiyemjua mama huyo siwezi kukuchagulia. Ila kabla ya yote matatu, leo jioni, lipindue lile kochi. Anza na mishono ya chini na zile kona ambazo misumari imeshikilia kitambaa, kisha uniandikie ulichokuta.

Shangazi